Kishina kina muhuri, akaunti haina fedha: kutafuta kosa dalili kwa dalili

Malalamiko mengi kuhusu fedha taslimu zilizowekwa benki huanza na karatasi moja iliyokunjwa mfukoni. Mteja anainyoosha kaunta, anaonyesha muhuri kwa kidole, na anauliza kwa nini akaunti haionyeshi kitu. Wakati mwingine karatasi ile inatosha kumaliza mjadala. Wakati mwingine haisemi kile ambacho mwenyewe anaamini inasema. Kabla ya kugombana na mtu yeyote, ni vizuri ujue inathibitisha nini.

Hati ya kuweka fedha ina sehemu mbili zinazojazwa maelezo yale yale. Sehemu kubwa inabaki benki pamoja na vocha za siku hiyo. Sehemu ndogo, yaani kishina, inarudi kwako. Baadhi ya benki hutumia nakala ya kaboni badala ya kipande cha kukata, lakini kazi ni ile ile. Keshia akishazihesabu noti, anaingiza muamala kwenye kompyuta, mashine inachapa mstari wenye tarehe, namba ya akaunti, kiasi na namba ya muamala, kisha anagonga muhuri na kuweka saini fupi pande zote mbili.

Muhuri wa keshia huwa na jina la benki, tawi na tarehe, na mara nyingi namba ya keshia mwenyewe. Si mali ya kila mtu ofisini: hukabidhiwa kwa saini na hufungiwa kazi inapoisha. Kwa hiyo muhuri unajibu nani, wapi na lini. Maandishi ya kishina yanajibu kiasi gani na kwa akaunti ya nani. Kishina kisicho na muhuri ni maneno ya aliyeshika kalamu tu, na muhuri kwenye karatasi isiyo na kiasi hauna cha kuthibitisha. Vikikutana, benki imekiri kwamba keshia fulani, siku fulani, amepokea kiasi kilichoandikwa pale.

Kukiri huko kuna uzito, lakini kunaweza kupingwa. Benki ikiwa na ushahidi kwamba kiasi halisi kilikuwa kingine, itauleta. Ndiyo maana kila uchunguzi mzuri huita mashahidi watatu: kishina chako, nusu iliyobaki benki, na hesabu ya droo ya keshia ya jioni ile. Shahidi huyo wa tatu husahaulika sana, na ndiye anayeamua kesi nyingi.

Kabla ya kuanza: piga picha au toa kopi ya kishina, pande zote mbili. Usiandike chochote juu yake, hata alama ya kujikumbusha. Na usimpe mtu kishina halisi ukabaki mikono mitupu. Benki ikihitaji kukiona, ikione, ichukue kopi, ikurudishie.

## Dalili ya kwanza: kishina kina muhuri, lakini fedha haionekani kabisa

Sababu inayoongoza ni namba ya akaunti. Chukua kishina na usome namba tarakimu moja moja kutoka kulia kwenda kushoto, ukilinganisha na namba halisi ya akaunti. Ukisoma kutoka kushoto macho yanaruka, kwa sababu tarakimu za mwanzo mara nyingi zinafanana kwa wateja wote wa tawi moja na akili inajaza zilizobaki.

Kisha linganisha namba uliyoandika kwa kalamu na ile iliyochapwa na mashine. Hapo ndipo utakapojua kosa ni la nani. Kama kalamu yako ndiyo iliyokosea na mashine ikafuata, benki ilitekeleza ulichoagiza. Fedha ipo kwenye akaunti ya mtu mwingine, na kwa kawaida benki itahitaji ridhaa ya mwenye akaunti kabla ya kuirudisha. Kama ameshaitumia, safari inakuwa ndefu. Kama kalamu yako ilikuwa sahihi na mashine ikachapa namba nyingine, kosa ni la keshia na benki inapaswa kulirekebisha yenyewe. Mstari uliochapwa mara nyingi huwa na jina la mwenye akaunti pia. Watu wachache sana hulisoma kabla ya kuondoka dirishani, wakati ni kazi ya sekunde chache ambayo ingewaokoa wiki nzima ya kuzunguka.

Sababu ya pili ni tarehe. Ukiweka fedha baada ya benki kufunga hesabu za siku, au siku ambayo tawi liko wazi lakini siyo siku ya kazi ya kibenki, muamala unaweza kuandikwa kwa tarehe ya siku ya kazi inayofuata. Angalia tarehe ya muhuri, kisha tafuta kwenye taarifa ya akaunti siku hiyo na siku mbili za kazi zinazofuata. Usitafute siku moja tu ukakata tamaa.

Sababu ya tatu ni kwamba ulichopeleka hakikuwa fedha taslimu. Hati nyingi zina nafasi ya taslimu na nafasi ya hundi kwenye karatasi moja. Hundi ikipigwa muhuri, muhuri unasema karatasi imepokelewa. Fedha yake itaingia hundi ikishalipwa na benki iliyoitoa, na inaweza isilipwe. Kama wewe ni mpokeaji na mtu mwingine ndiye aliyekwenda benki, soma kiasi kimeandikwa kwenye safu ipi.

Sababu ya nne: muamala uliingizwa kisha ukabatilishwa. Omba taarifa kamili ya akaunti ya siku hiyo badala ya kuangalia salio. Salio halitakuonyesha kitu, lakini taarifa kamili itaonyesha kiasi kikiingia na kutoka, wakati mwingine ndani ya dakika chache. Keshia hubatilisha kwa sababu halali, kwa mfano akigundua ameingiza akaunti isiyo yako. Kinachotakiwa baada ya hapo ni muamala mpya ulio sahihi. Kama haupo, uliza namba ya muamala uliobatilishwa na jina la aliyeidhinisha, kwa sababu benki nyingi huhitaji mtu wa pili kuidhinisha ubatilishaji.

Sababu ya mwisho haitokei mara nyingi, lakini ndiyo nzito kuliko zote: fedha ilipokelewa, muhuri ukagongwa, na hakuna kilichoingizwa kwenye kompyuta. Alama yake ni kishina chenye muhuri na saini bila mstari wowote uliochapwa wala namba ya muamala. Hapa kuwa mwangalifu usimtuhumu mtu mapema. Mfumo ukikatika, baadhi ya matawi huendelea kupokea fedha kwa muhuri wa mkono na kuingiza miamala mfumo ukirudi. Lakini siku ya kazi ikipita bila muamala kuonekana, maelezo hayo yameisha muda wake.

Simama hapa. Kishina chenye muhuri lakini hakina namba ya muamala, na fedha haijaonekana baada ya siku moja ya kazi, hakirudishwi kwenye dirisha lile lile. Nenda kwa meneja wa tawi au msimamizi wa shughuli za kaunta, toa malalamiko kwa maandishi, na hakikisha nakala yako ya barua nayo inapigwa muhuri wa kupokelewa. Keshia akikupigia simu kukuomba mmalizane pembeni, hata akiwa na fedha mkononi, kataa. Mkimalizana pembeni, wewe ndiye utakayebaki bila ushahidi mambo yakifumuka.

## Dalili ya pili: fedha imeingia, lakini kiasi si kile kilichoandikwa kwenye kishina

Malalamiko haya ndiyo yanayochosha kuliko yote, kwa sababu kila upande una karatasi. Nitachukua mfano mmoja niupitie mpaka mwisho.

Ofisi inamtuma karani na 640,000 taslimu. Anarudi na kishina cha 640,000 chenye muhuri na saini. Mwisho wa mwezi mhasibu anapolinganisha vitabu na taarifa ya benki, anakuta siku ile iliingia 460,000. Pengo ni 180,000. Ofisini macho yote yanamgeukia karani.

Mhasibu mzoefu huanza na hesabu kabla ya watu. Pengo likigawanyika kwa 9 bila baki, kuna uwezekano mkubwa kwamba tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. 180,000 ukigawa kwa 9 unapata 20,000 kamili, na 640,000 ikigeuzwa tarakimu mbili za mwanzo inakuwa 460,000. Hiyo haithibitishi kitu, ila inakuambia uanze kutafuta mahali gani: kwenye vidole vya mtu aliyechapa.

Hatua ya pili ni mchanganuo wa noti. Kwenye kishina, au nyuma ya hati, mwekaji anaandika idadi ya noti za kila aina. Tuseme imeandikwa noti 50 za 10,000 na noti 28 za 5,000. Hizo ni 500,000 na 140,000, jumla 640,000. Mchanganuo unakubaliana na kiasi cha tarakimu na kiasi cha maneno. Vitu vitatu vimelingana kwenye kipande kimoja, na hilo ni jema kwa karani. Mtu anayebadilisha kishina baada ya kutoka benki kwa kawaida hugusa tarakimu na kusahau mchanganuo, au hushindwa kubadilisha maneno. Tazama pia wino. Rangi moja, mkandamizo mmoja, na muhuri ukiwa juu ya maandishi: kama maandishi yamepita juu ya wino wa muhuri, yaliandikwa baada ya muhuri kugongwa, na hapo una jambo jingine kabisa.

Hatua ya tatu, benki inaombwa kutoa nusu yake. Majibu yanaweza kuwa mawili. Nusu ya benki ikionyesha 460,000 na mchanganuo tofauti, sehemu mbili za hati moja zinapingana, na anayepaswa kueleza kwanza ni aliyezijaza. Huu ni wizi wa zamani sana wa maofisini: mtu anajaza nusu ya benki kwa kiasi kidogo, anaacha nafasi kwenye kishina, anatia tarakimu iliyobaki akiwa njiani kurudi. Keshia mzembe anayegonga muhuri bila kulinganisha pande mbili ndiye anayeufanya uwezekane.

Lakini tuseme nusu ya benki nayo inasema 640,000, kwa mchanganuo ule ule. Sasa karatasi mbili zinakubaliana na kompyuta peke yake inapinga. Anaitwa shahidi wa tatu. Kama keshia alipokea 640,000 na kuingiza 460,000, basi jioni alipofunga droo alikuwa na noti za ziada zenye thamani ya 180,000 ambazo kompyuta haikuzitambua. Ziada hiyo inapaswa kuandikwa kwenye rejista na kuwekwa kwenye akaunti ya ziada za keshia. Benki inafungua rekodi ya siku ile na kuikuta pale, 180,000, haina mwenyewe. Kesi imekwisha: fedha inahamishwa kwenda akaunti ya ofisi, na karani anaombwa radhi.

Na kama jioni ile droo ilifungwa bila ziada? Hapo kuna mambo mawili tu. Ama fedha halisi zilikuwa 460,000 na keshia aligonga muhuri kwenye karatasi ambayo hakuisoma, ama zilikuwa 640,000 na kuna aliyechukua tofauti kabla ya kufunga hesabu. Kishina kinampa karani nafasi ya mbele, kwa sababu ni kazi ya benki kueleza kwa nini ilikiri kupokea kiasi ambacho inasema haikupokea. Itakayotazamwa baadaye ni picha za kamera ya kaunta. Picha hizo hazitunzwi milele, mfumo huandika mpya juu ya zile za zamani, kwa hiyo ombi la kuzihifadhi liandikwe siku unayogundua pengo. Usisubiri barua zijibiwe.

Kuna sababu nyepesi zaidi za kiasi kutofautiana, na uzipitie kwanza kama pengo halina sura ya tarakimu zilizogeuzwa. Inaweza kuwa ada ya muamala, ambayo huonekana kama mstari wake chini ya fedha iliyoingia. Inaweza kuwa noti moja iliyokataliwa kwa kuwa bandia au imechakaa mno, keshia akasahihisha nusu yake na kusahau kishina. Pengo likiwa sawa na thamani ya noti moja au mbili, anzia hapo. Marekebisho halali huandikwa pande zote mbili na kusainiwa na keshia na mwekaji. Hati iliyokatwakatwa bila saini ni afadhali ikataliwe ijazwe nyingine.

Simama hapa kama nusu mbili za hati zinapingana, au kama wino unaonyesha kishina kimeguswa baada ya muhuri. Usimhoji mfanyakazi peke yako chumbani na usimlazimishe kuandika kukiri. Weka karatasi kwenye bahasha, iandikie bahasha badala ya karatasi, na mwite mkaguzi wa hesabu au mwanasheria. Mtaalamu wa maandishi anaweza kusoma mambo mengi kwenye karatasi ambayo haijashikwashikwa.

## Dalili ya tatu: muhuri wenyewe una walakini

Tarehe ya muhuri haifanani na siku uliyokwenda. Mara nyingi keshia alisahau kugeuza gurudumu la tarehe asubuhi. Tarehe iliyochapwa na mashine ndiyo inayobeba uzito, na wateja wengine wa asubuhi ile watakuwa na kosa lile lile kwenye vishina vyao.

Muhuri umefifia au umegongwa nusu. Kama bado upo dirishani, omba ugongwe tena pembeni, na si juu ya ule wa kwanza. Kama umeshaondoka, namba ya muamala inatosha kuutafuta.

Muhuri unasema kitu kingine, kwa mfano umepokelewa na ofisi ya barua ya benki. Huo si muhuri wa keshia. Unathibitisha kwamba karatasi ilifika jengoni, basi. Bahasha ya fedha iliyotumbukizwa kwenye sanduku la amana nayo ni hivyo hivyo: kiasi kinakubalika benki ikishaifungua na kuihesabu, na kabla ya hapo kilichoandikwa na mteja ni dai lake.

## Dalili ya nne: wewe ndiye uliyeletewa kishina

Mambo yanageuka kabisa ukiwa mpokeaji. Mtu amekuja na kishina, au picha ya kishina kwenye simu, anadai ameshalipa na anataka mzigo. Kishina ni ushahidi wa mwekaji dhidi ya benki. Ushahidi wako wewe ni akaunti yako. Fungua taarifa ya akaunti, tafuta kiasi, tarehe na namba ya muamala, na vyote vitatu vikionekana huna haja ya kuuchunguza muhuri.

Visipoonekana, usitoe mzigo kwa sababu muhuri unapendeza. Muhuri wa mpira unaweza kuchongwa na fundi yeyote. Namba ya muamala iliyo kwenye kumbukumbu za benki haichongwi, na tawi linaweza kukuthibitishia kama ipo kwenye akaunti yako. Piga simu kwa namba unayoijua ya tawi, usitumie ile iliyoandikwa kwenye karatasi uliyoletewa.

Kuna udanganyifu mwingine ambao hauhitaji kughushi chochote: kishina halali kinatumika mara mbili. Mtu analipa deni moja, anakuonyesha kishina leo, na mwezi ujao anampa picha yake mwenzako ofisini kwa deni la pili. Dawa yake ni rejista moja ambayo kila namba ya muamala inaandikwa mara moja tu. Namba ikijirudia, malipo ya pili hayapo.

## Dalili ya tano: kishina kimepotea au kimefutika

Risiti nyingi za kaunta siku hizi huchapwa kwenye karatasi inayoandika kwa joto. Maandishi yake hufifia kwa jua, joto na kugusana na plastiki, na ukiipitisha kwenye mashine ya kulaminisha inageuka nyeusi yote. Itolee kopi kwenye karatasi ya kawaida siku ile ile, na uhifadhi halisi kwenye bahasha ya karatasi.

Kishina kikipotea, ushahidi haujafa, kwa sababu nusu ya pili iko benki. Andika ombi ukitaja tawi, tarehe, saa unayokadiria, namba ya akaunti, kiasi kamili na jina la aliyeweka. Kwa maelezo hayo vocha inaweza kutafutwa kwenye fungu la siku hiyo. Benki inaweza kukutoza ada ya utafutaji, na vocha hazihifadhiwi bila kikomo, kwa hiyo ombi la wiki hii lina nafasi kuliko la miaka kadhaa baadaye. Kama hukumbuki tarehe, anza na daftari lako la fedha: siku ambayo taslimu zilitoka kwenye sefu ya ofisi ndiyo siku ya kwanza ya kutafuta.